Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mwanangu asipimwe tena kwa macho kaunta

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam na heshima. Barua tatu nimekuandikia kwa Kiingereza na sijajibiwa hata moja. Ofisini kwako uliniahidi kwa kinywa chako kwamba jambo hili litakuwa limekwisha ndani ya siku thelathini. Leo ni mwezi wa tano tangu ahadi hiyo. Hii naiandika kwa Kiswahili, lugha niliyokuja nayo hapa Durban, Afrika Kusini, kutoka Tanga nilipoolewa, na naiandika wazi ili na wenzangu waisome.

Nakukumbusha kilichotokea. Mwanangu alikuja kwenu kujaza fomu za kazi. Alipofika kwenye ukurasa wa kundi la rangi akaacha wazi, akauliza kama anaweza kuandika maelezo. Karani akaivuta fomu. Akamtazama usoni, akamtazama nywele, akasoma jina lake la Kiislamu na anwani ya Chatsworth, mji wa Wahindi, akatia alama kwenye kisanduku cha Mhindi. Kisha akasita, akamgeukia mwenzake wa meza ya pili: "Huyu wewe unamwonaje?" Mwenzake akasema huyu ni Mwafrika. Alama ya kwanza ikafutwa kwa wino mweupe, ikatiwa nyingine. Dada yake, aliyeandikishwa kwenu miaka miwili nyuma, yuko kwenye kumbukumbu zenu kama Mhindi. Baba mmoja, mama mmoja.

Uliniambia ni kosa dogo la karani. Mheshimiwa, hilo si dogo, na wala karani hakulibuni yeye. Kutazama sura kwanza, kisha kuuliza watu wanamwonaje, ndiyo sheria ya usajili wa watu ya mwaka 1950 neno kwa neno. Serikali ya makaburu ilitaka kila mtu awe na kundi moja kwenye daftari moja, na daftari hilo lilianza kujazwa kutokana na sensa ya 1951. Kwa sheria ile Mzungu alikuwa mtu ambaye kwa sura ni Mzungu bila shaka, au ambaye watu kwa jumla wanamkubali kuwa Mzungu. Ila mwenye sura ya Kizungu ambaye watu wanamjua kuwa chotara, huyo hakuhesabiwa. Mwenyeji ni yule aliye wa kabila la asili la Afrika au anayekubalika hivyo. Na chotara? Chotara ni yeyote asiye Mzungu wala Mwenyeji, basi. Kundi zima la watu lilielezwa kwa kile ambacho si wao.

Ukiisoma utaona haisemi kipimo ni kipi. Ndiyo maana maofisa walijitungia vyao. Penseli iliingizwa kwenye nywele. Ikianguka umepona, ikinasa umekwisha. Penseli haikuandikwa popote katika sheria, ila sheria iliyosema "kwa sura" ndiyo iliyompa ofisa nafasi ya kuishika. Na huko "kukubalika" kulikuwa na ukatili wake, kwa sababu ushahidi ni majirani: unasali wapi, unakula na nani, nani anakuja kwako. Mtu aliyetaka kubaki upande wa Wazungu ilimpasa shangazi yake mweusi asionekane mlangoni.

Hapa hapa Durban, mwaka 1962, kulikuwa na Mchina aitwaye David Song. Kwa sura kila mtu alimwona Mchina. Lakini alikuwa ameishi na Wazungu, akaleta ushahidi kwamba wanamkubali kama mwenzao, na bodi ya kuainisha rangi ikabidi imwandike Mzungu, kwa kuwa sheria ilisema "au". Bunge halikungoja. Mwaka ule ule sheria ikabadilishwa: anayekubalika kuwa Mzungu asihesabiwe kama sura yake inamkana waziwazi. Wakaongeza kwamba katika kumtazama mtu ziangaliwe pia tabia zake, elimu yake, anavyosema na anavyojiweka. Mwaka 1967 wakageukia kizazi: mtoto wa wazazi wawili walioandikwa Wazungu ni Mzungu. Kila kipimo kilipovuja walikiziba kwa kingine, maana kitu chenyewe walichokuwa wakikipima hakikuwapo.

Sasa nije nyumbani kwangu. Mume wangu ni wa wale wanaoitwa Wazanzibari wa Durban. Wazee wao wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, waliokamatwa wakauzwe utumwani, wakakombolewa na manowari za Waingereza, wakaletwa Natal kuanzia 1873. Walikaa King's Rest, kule Bluff hapa Durban, wakabaki na Uislamu wao na Kimakua chao. Ilipofika zamu yao ya kuandikwa, maofisa walikwama. Kwa sura, Waafrika. Kwa dini na misikiti waliyosali, watu waliwaweka karibu na Wahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaishia kuandikwa "Waasia Wengine". Watu ambao babu zao walitoka Msumbiji!

Neno hilo ndilo lililoamua walale wapi. King's Rest ilikuwa imefanywa eneo la Wazungu, kwa hiyo ilikuwa lazima wahame. Na kwa kuwa karatasi ilisema Waasia, wakapelekwa Chatsworth, mji uliotengwa kwa Wahindi. Wangeandikwa Wenyeji wangepelekwa kwenye mji wa Waafrika na kubebeshwa kipande, ile pasi ambayo polisi akikukuta huna unalala rumande. Mama mkwe wangu anayo kadi yake mpaka leo, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na hati ya ndoa. Hakuitupa. Anasema kadi ile ilimwokoa na pasi, na kadi hiyo hiyo ilimtenga na binamu yake aliyeandikwa vingine, wakawa wanaonana kwa kuvizia. Nilipomsimulia habari ya mjukuu wake kaunta kwako, aliuliza swali moja tu: "Walimgusa nywele?" Nikamwambia hapana, walitazama tu. Akanyamaza.

Sheria ile ya 1950 ilifutwa Juni 1991. Najua pia kwa nini fomu za leo bado zinauliza kundi: sheria ya usawa kazini ya 1998 inataka kurekebisha waliyoyafanya wale, na huwezi kumlipa aliyenyimwa bila kujua nani alinyimwa. Silipingi hilo hata kidogo, watoto wangu wamo humo. Lakini fomu yenyewe ni tamko la mwajiriwa. Nafasi ya sahihi ni yake. Haikuandikwa popote kwamba karani amtazame amjazie. Nadhani makarani wako wanaona aibu kuuliza, au wana haraka ya kufunga hesabu za mwezi, ndiyo wanakimbilia macho. Sijui kama kuna aliyewafundisha vingine.

Nilikuomba mambo mengi kwenye barua zile tatu: uchunguzi, msamaha wa maandishi, semina kwa makarani. Yote hayo nayaweka chini. Ninabaki na moja. Jumatatu saa tatu asubuhi mwanangu atakuja kaunta ile ile na kalamu yake mfukoni. Ile fomu yenye wino mweupe itolewe kwenye faili. Apewe mpya, na kile kisanduku akijaze kwa mkono wake mwenyewe, asitazamwe na mtu.

Wako kwa heshima,
Mama wa kijana, Chatsworth