Deni linashuka, bima ya mkopo imesimama palepale

Mhariri,

Rejesho langu la mkopo hukatwa likiwa namba moja, nami kwa miezi 12 sikuuliza ndani yake kuna nini. Juzi nikaomba taarifa ya mkopo yenye mchanganuo wa mtaji, riba na bima. Safu ya bima ndiyo iliyonirudisha kabatini kutafuta barua ya ofa.

Barua inasema bima ya maisha ya mkopo itatozwa asilimia 0.1 kwa mwezi ya deni lililobaki. Nilikopa 1,200,000 kwa miezi 24, na mtaji unapungua kwa 50,000 kila mwezi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza bima ni 1,200, wa pili 1,150, na kuendelea kushuka hadi 50 mwezi wa mwisho. Jumla yake ni 15,000. Lakini taarifa inaonyesha 1,200 miezi yote 12. Mwezi wa 12 ulipoanza nilikuwa nadaiwa 650,000, kwa hiyo bima ilipaswa kuwa 650. Hadi hapo nimekatwa 14,400 badala ya 11,100.

Afisa mikopo akaniambia bima ya kiwango kimoja ni kitu cha kawaida. Si uongo, ila hakumalizia. Wapo wanaochukua jumla yote na kuigawa sawasawa, lakini kwangu ingekuwa 625 kwa mwezi, si 1,200. Na ipo bima ambayo fidia yake haishuki: nikifa, inalipa 1,200,000 nzima, deni linafutwa, kinachobaki wanapewa warithi. Hiyo ni haki kutozwa kwa mkopo wa mwanzo. Cheti changu cha bima, ambacho nilikuwa sijakisoma (kosa langu hilo), kinasema fidia ni deni lililobaki siku ya kifo. Maana yake nalipia kinga isiyoshuka, huku niliyopewa inashuka kila mwezi.

Anayetaka kujipima aangalie jambo moja: wenye rejesho la kiasi kilekile kila mwezi, riba ikiwa ndani yake, wasigawe mkopo kwa idadi ya miezi kama nilivyofanya mimi. Mtaji wao hushuka polepole mwanzoni, kwa hiyo bima nayo hushuka polepole. Wachukue deni la mwanzo wa kila mwezi kwenye ratiba ya marejesho, walizidishe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye ofa, kisha walinganishe na makato.

Niliwapelekea jedwali langu, mstari kwa mstari. Makato ya miezi iliyobaki wameyarekebisha, ila ile 3,300 iliyozidi wanasema nitarudishiwa mkopo ukiisha. Kwa nini nisubiri mwaka mzima? Ipunguzwe kwenye mtaji sasa, maana kwa kila mwezi inaokaa kwao, mimi natozwa riba ya deni ambalo lingekuwa limeshashuka.

Mkopaji