Mshahara wa kwanza: ufungue akaunti ya akiba au ya hundi?

Kila mwajiri anapotukabidhi orodha ya wafanyakazi wapya tuwaandalie mishahara, huwa kuna vijana wawili watatu ambao sehemu ya namba ya akaunti iko wazi. Tukiwapigia simu, swali lao ni hilo hilo: "Nifungue ya akiba au ya hundi?" Wengine wamekwisha kwenda benki, wakakuta fomu ina majina matano ya akaunti zenye picha za watu wanaotabasamu, wakarudi nyumbani. Leo tunalijibu kwa hesabu, tukitumia mfano wa mfanyakazi wa Dar es Salaam, kwa kuwa wateja wetu wengi wako huku na makato tunayoyataja ni ya Tanzania.

Tofauti ya akaunti hizi inatokana na namna benki inavyoitazama pesa yako. Ukiweka pesa kwenye akaunti ya akiba, benki inategemea kwamba itakaa, kwa hiyo inaikopesha kwa wengine na kukulipa riba kidogo. Ili ikae kweli, inakuwekea mipaka: pengine unaruhusiwa kutoa mara chache tu kwa mwezi au kwa robo mwaka, na ukizidisha unakatwa ada au unapoteza riba ya kipindi hicho. Akaunti ya hundi ni ya pesa inayopita. Unaweka na kutoa kila siku, unaandika hundi, unaacha maagizo ya kulipa kodi ya nyumba au ada ya shule kila mwezi, na benki ikikuamini inaweza kukuruhusu kutoa zaidi ya ulichonacho. Kwa kuwa benki haijui pesa hiyo itakaa hadi lini, kwa kawaida hailipi riba, na inakutoza ada ya uendeshaji kila mwezi.

Kuna watu wanaodhani akaunti ya akiba ni salama zaidi. Kwa upande wa usalama hazitofautiani. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mwenye amana hadi shilingi 7,500,000, pesa iwe kwenye akaunti ya akiba au ya hundi.

Sasa tuchukue karani wa stoo anayeanza kazi kwa mshahara wa shilingi 700,000, ambaye hana mkopo wa elimu ya juu wala makato mengine. NSSF inachukua asilimia 10, yaani 70,000. Kodi ya mshahara inapigwa kwenye 630,000 iliyobaki, nayo inafika 42,000. Tarehe 25 anaingiziwa 588,000. Tarehe 26 analipa kodi ya chumba, analipa deni la dukani, anatuma kwa mama kijijini. Nauli na chakula vinaenda kidogo kidogo. Kufika tarehe 22 ya mwezi unaofuata amebakiwa na 12,000.

Akishawishika na neno riba, ataomba mshahara uingie moja kwa moja kwenye akaunti ya akiba. Hapa ndipo tunapomwomba asome masharti ya namna riba inavyokokotolewa, kwa sababu benki hazifanyi sawa. Baadhi huangalia salio dogo kabisa ulilokuwa nalo mwezi mzima. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwaka. Salio lake dogo kabisa ni 12,000, kwa hiyo riba ya mwezi ni shilingi 30, na serikali inachukua asilimia 10 ya hiyo riba kama kodi ya zuio. Anabaki na shilingi 27. Benki nyingine hukokotoa kwa salio la kila siku, na hapo anapata nafuu. Tukichukua kwamba kwa wastani alikuwa na 180,000 kila siku, riba ya mwezi ni 450, na baada ya kodi ni 405. Hata hiyo haitoshi nauli ya kwenda na kurudi kazini siku moja.

Upande wa pili wa hesabu ni mzito zaidi. Kwa kuwa anatoa pesa kila siku mbili tatu, anavunja mpaka wa akaunti ya akiba na ada zinaanza. Kama ada ya kutoa ni 1,500 kila mara na ametoa mara nane, ni shilingi 12,000 kwa mwezi mmoja. Amekimbilia riba ya mia nne akalipa elfu kumi na mbili. Hili tunaliona kila mara wafanyakazi wanapotuletea taarifa zao za benki wakidhani mwajiri amewapunja, kumbe mshahara uliingia kamili na makato yalifanyika baada ya hapo. Ukitaka kujua kama ni wewe, chukua taarifa ya akaunti ya mwezi uliopita, tafuta mistari iliyoandikwa `LEDGER FEE`, `MAINTENANCE FEE` au `WITHDRAWAL CHARGE`, ijumlishe, kisha linganisha na mstari wa riba.

Kwa hiyo mshahara wa mtu anayeanza, ambao unaingia na kutoka ndani ya mwezi huo huo, mahali pake ni kwenye akaunti ya hundi au ile ambayo benki nyingi huiita akaunti ya mshahara. Hii ya mshahara inafanya kazi kama ya hundi, ila mara nyingi haina kitabu cha hundi, na ada yake ya mwezi ni ndogo au imefutwa alimradi mshahara unaendelea kuingia. Kwa karani wetu kitabu cha hundi hakina kazi. Kodi ya chumba analipa kwa simu na dukani analipa kwa simu. Akaunti kamili ya hundi tunamshauri mtu mwenye biashara pembeni, anayelipwa na kampuni kwa hundi, au ambaye akaunti yake inahitaji sahihi za watu wawili.

Kabla ya kusaini, omba mwongozo wa ada wa benki, ule unaobandikwa tawini na kwenye tovuti yao. Soma ada ya mwezi, ada ya kutoa ATM na kwa wakala, na ada ya kuhamisha kwenda kwenye simu, kisha uliza kama VAT imeshajumlishwa. Uliza pia kitu ambacho watu wengi hawakiulizi: ukiacha kazi na mshahara ukakoma kuingia, akaunti inageuka kuwa ya aina gani? Tunafahamu vijana waliomaliza mikataba ya miezi sita, wakaiacha akaunti ikiwa na vijisenti, na ada ya mwezi ikavila vyote mpaka salio likaisha.

Akaunti ya akiba bado ina nafasi yake kwa karani huyu, lakini kama akaunti ya pili. Tuseme ameamua kuweka 60,000 kila mwezi. Anaacha agizo la kudumu benki ihamishe kiasi hicho kutoka akaunti ya mshahara kwenda ya akiba. Tarehe ya agizo ina umuhimu wake. Wengi huandika ile ile ya mshahara, tarehe 25. Mwezi ambao tarehe 25 ni Jumapili au mwajiri amechelewa, agizo linagonga akaunti tupu, linashindikana, na baadhi ya benki hutoza ada kwa agizo lililokwama. Sisi huwashauri waweke siku tatu baada ya siku ya kawaida ya mshahara. Na hiyo akaunti ya akiba asiichukulie kadi ya ATM. Hiyo ndiyo kinga yenyewe.

Kwa mwaka mmoja atakuwa ameweka 720,000. Riba kwa asilimia 3, ikikokotolewa kwa salio la kila siku, itakuwa kama shilingi 9,900, na baada ya kodi ya zuio anabaki na 8,910. Tunaitaja wazi ili mtu asifungue akaunti ya akiba akitegemea riba imtajirishe. Faida yake kwa anayeanza ni zile laki saba na ishirini zilizokaa mahali ambapo kidole hakizifikii saa nne usiku.

Faida hiyo inaonekana vizuri zaidi ukiilinganisha na huduma moja inayokuja na akaunti ya mshahara, nayo ni advansi. Mshahara ukishaingia miezi michache mfululizo, unaanza kupokea ujumbe kwenye simu kwamba unaweza kuchukua sehemu ya mshahara ujao papo hapo. Ni huduma halali na ina siku zake. Lakini ipigie hesabu. Karani akichukua 200,000 kwa ada ya asilimia 5, analipa 10,000 kwa kuitumia pesa hiyo kwa wiki tatu au nne. Ada ya mara moja tu imeizidi riba ya mwaka mzima ya akiba yake. Halafu tarehe 25 benki inakata 210,000 kabla hajagusa kitu, anabaki na 378,000, kodi ya chumba ikilipwa hakuna cha kufikisha mwezi, na anachukua tena. Tumeona taarifa za benki ambamo advansi inajirudia kila mwezi mwaka mzima. Mwenye 200,000 kwenye akaunti ya akiba anakwenda tawini na kitambulisho, anatoa, anamaliza shida, na mshahara ujao unaingia mzima.

Kama mshahara wako ni mdogo kiasi kwamba hata 20,000 haibaki, usifungue akaunti mbili kwa sasa. Mbili zina ada mbili, na ya akiba ikikaa muda mrefu bila wewe kuweka wala kutoa, benki huihesabu kuwa imelala na itabidi uende tawini kuiamsha. Anza na ya mshahara yenye ada ndogo kuliko zote utakazopata.

Benki watakuhitaji uwe na kitambulisho cha NIDA au namba yake, barua ya mwajiri au mkataba, na mara nyingi picha ndogo. Hakikisha majina kwenye akaunti yanafuata NIDA, na kwamba ndiyo hayo hayo uliyompa mwajiri. Mshahara wa kwanza unaporudishwa na benki, kwa uzoefu wetu sababu kubwa ni majina: kazini umeandikwa mawili, benki matatu, au la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Kurudisha na kutuma upya huchukua siku kadhaa za kazi, na mwenye nyumba hasubiri.

Ukishafungua, iombe benki karatasi yenye jina la akaunti, namba yake na jina la tawi, yenye muhuri, na utuletee sisi au mhasibu wa kazini kwako kabla ya tarehe 15. Baada ya tarehe hiyo orodha ya mwezi huwa imeshafungwa, na mabadiliko yako yataanza kwenye mshahara unaofuata.