Picha za tangazo, Jumamosi saa 3 asubuhi

Habari za jioni ndugu zangu. Tunakutana Jumamosi saa 3 kamili asubuhi, dukani Mwanga. Nauli ya bajaji ya kumleta bibi kutoka Ujiji na kumrudisha tuchange 2,000 kila mmoja, mwisho Ijumaa jioni.

Picha za majaribio hazifai. Goti linalomsumbua bibi ni la kulia, kwa hiyo mkongojo anaushika mkono wa kushoto. Sisi tulimhamishia kulia ili bango lionekane, akaegemea upande na uso ukakunjamana. Safari hii bango ndilo lihame. Aje na mkongojo wake mwenyewe. Ule tulioazima ni mrefu: mkono ukining'inia, kishikio kinatakiwa kiishie usawa wa kifundo cha mkono, na ule ulimpandisha bega.

Mzee wa kitimwendo naye anakuja na chake, si kile cha kusukumia wagonjwa. Miguu ikae kwenye vikanyagio, asisukumwe na mtu, alipe mwenyewe kaunta. Mpiga picha achuchumae, kamera iwe usawa wa macho ya mzee. Muuzaji amtazame yeye, si mjukuu aliyemsindikiza.

Naomba kila mmoja ajibu leo:
1. Utakuja?
2. Nani atamfuata bibi saa 2?