Kubadilisha jina kwenye lebo hakutoshi

Wiki iliyopita mteja alitoka hapa kwenye duka letu la uchapaji, Nasser Road, akisema tunamwibia. Alikuja na kopo la mafuta ya kupaka linalojulikana Kampala nzima. Alitaka lebo 5,000 zenye rangi zilezile, duara lilelile na maandishi ya mtindo uleule, ila jina lake. Tulipomwambia hatuchapi hiyo, na kwamba kuchora lebo mpya ni shilingi 300,000 kabla ya pleti za kuchapia, akasema jirani atamfanyia bure. Malalamiko hayo tunayapata kila mwezi, kwa hiyo naeleza hapa.

Wateja wengi wanaamini ukibadilisha asilimia 30 ya lebo, hakuna wa kukushtaki. Kanuni hiyo haipo. Hakimu hapimi asilimia. Anauliza kama mnunuzi wa kawaida, mwenye haraka na anayekumbuka sura ya bidhaa juujuu tu, anaweza kuchukua yako akidhani ni ile nyingine.

Mwenye bidhaa ana njia mbili za kukufikia. Kama amesajili alama yake URSB, ofisi ya usajili wa biashara ya Uganda, anaweza kudai umeikiuka chini ya Sheria ya Alama za Biashara ya mwaka 2010. Alama si jina peke yake. Hata mchoro wa lebo husajiliwa. Na hata kama hakusajili chochote, bado anaweza kukushtaki kwa kuuza mali yako kana kwamba ni yake. Hapo atathibitisha mambo matatu: kwamba wateja wanaitambua bidhaa yake kwa sura ile, kwamba sura yako inawapotosha, na kwamba anaumia au ataumia kwa hilo. Ndiyo maana mtu anayeniambia "nimetafuta, hawajasajili" hajanituliza.

Mfano ninaowapa wateja ni wa Uingereza, mwaka 1990, na mahakama zetu hufuata misingi hiyohiyo. Reckitt & Colman walikuwa wakiuza maji ya limau ya Jif katika chupa ya plastiki yenye umbo na rangi ya limau. Borden wakaleta limau lao la plastiki, lenye lebo na jina tofauti. Aliyesoma lebo asingekosea. Lakini wanunuzi hawakuwa wakisoma, walichukua limau. Borden walishindwa. Kwa hiyo ukinakili kopo na kifuniko, jina lako halikukingi.

Sasa fikiria duka la mtaani Kawempe. Mtoto ametumwa mafuta, anasema, "Nipe lile la kifuniko cha machungwa." Hatamki jina. Mwenye duka anashusha lililo karibu. Akimpa lako kwa sababu ya kifuniko, umeuza kwa jasho la mwingine.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alitujia na barua ya mawakili mkononi. Lebo zake zilichapwa kwingine, "bure". Barua ilimtaka aache kuuza, akusanye makopo yote madukani, asaini ahadi ya kutorudia na atoe hesabu ya faida aliyopata. Alikuwa na makopo 1,800 yaliyojaa. Tulikaa naye siku mbili tukibandua lebo kwa maji ya moto, na gundi ilikataa kutoka kwenye karibu nusu ya makopo. Hayo alilazimika kuyamwaga na kununua mengine. Halafu akalipia uchoraji uleule aliokuwa ameukwepa, pamoja na wakili. Sikufurahia kumwandikia ile risiti.

Lebo yake mpya tuliichora hivi. Hatukumkataza rangi ya machungwa, kwa sababu rangi moja ya kawaida si mali ya mtu kirahisi, wala maneno kama "mafuta ya kupaka". Kinachokuponza ni mkusanyiko: rangi, mpangilio, umbo la kopo na kifuniko vikifanana vyote kwa pamoja. Tukabadilisha kifuniko kuwa kahawia, tukaondoa duara, tukachora mti wa shea, maana mafuta yake ni ya shea kweli. Kisha tukaweka prufu, yaani nakala ya majaribio, kwenye rafu katikati ya makopo ya wengine, tukafunika jina kwa karatasi, na kumwita kijana wa duka la jirani. Akisita kutofautisha, tunachora upya. Kijana hakusita.

Kabla ya pleti kutoka, tunamtaka mteja afanye utafutaji wa jina na nembo URSB. Ombi la usajili likikubaliwa hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara.

Huyo wa wiki iliyopita, kama unasoma hapa, kaka, prufu yako bado haijaanza kuchorwa. Njoo na kopo lako mwenyewe, tupu, pamoja na kifuniko, na uache lile lingine nyumbani. Bei ni ileile.