Watu 2,000, laini moja ya posho: hapo ndo mazishi yanaharibika

Wateja wetu wa Tororo, Malaba na Busia, mkitupigia simu juu ya msiba swali la kwanza huwa tenti ngapi, viti ngapi. Sawa, lakini fujo kubwa haitoki kwenye tenti, inatoka pale kaburi limeshafukiwa na watu wote wanageuka kwa mpigo kutafuta chakula.

Chukua watu 2,000. Mtu mmoja kuchotewa posho, maharage na kipande cha nyama ni kama sekunde 12, kwa hiyo laini moja inapitisha watu 5 kwa dakika, 300 kwa saa, na ukiwa na laini hiyo moja tu wa mwisho atakula baada ya karibu masaa saba! Hapo ndo vijana wanaanza kusukumana na wazee wanaondoka na njaa, halafu watu wanasema eti chakula kilikuwa kidogo wakati sufuria bado zimejaa. Sisi tunaweka meza nne zenye wachotaji pande zote mbili, hizo ni laini nane, dakika 50 hivi kila mtu ana sahani.

Nyama inakaa mwisho wa meza na mwiko anaushika mtu mzima anayeheshimika kijijini ila asiwe wa familia, manake wa familia ataona haya kumnyima shemeji kipande cha pili.

Wazee, wajane na wamama wenye watoto wachanga hawapangi laini kabisa. Tunawatengea tenti yao yenye viti vyote na wahudumu wanawapelekea sahani na maji ya kunawa hapo hapo. Vijana wengi watasimama au kukaa kwenye nyasi, kwa hiyo usikodi viti 2,000, pesa hiyo iweke kwenye maji. Wachimba kaburi wale mapema, kabla hata ya ibada.

Maji tunahesabu lita 2 kwa mtu, moja ya kunywa na moja ya kunawa na kuosha sahani, yaani jerikeni 200 za lita 20, na za kupikia ni juu ya hizo. Ya kunywa yanakaa kwenye pipa lenye mfuniko na bomba, mbali na meza ya chakula, la sivyo wenye kiu wataziba laini ya wenye njaa. Na kikombe cha kuchovya hatukubali hata kidogo.

Kwa posho panga kilo 400 za unga, maharage kilo 200. Maharage yaliyoiva alfajiri yasiachwe yapoe mpaka mchana, moto ubaki chini yake, ukiona yanatoa povu na harufu ya uchachu mwaga, usijaribu kuyachemsha upya.

Ukitupigia tuambie saa ya kuzika, kisima kiko umbali gani, na jeneza litapita wapi, njia hiyo hatuweki meza wala kamba ya tenti.