Ushahidi wa OSCP ukusanywe VPN ikiwa hewani

Habari zenu. Kwa mnaokaribia kuingia OSCP, tuanze na ushahidi. Mtihani ni saa 23 na dakika 45, kisha VPN inakatwa na unabaki na saa 24 za kutuma ripoti. Ukigundua wakati huo kuwa picha moja haipo, mashine huifikii tena.

Kwa hiyo ukishapata root kwenye Linux, kabla ya kushangilia:

```
whoami; ip a; cat /root/proof.txt
```

Piga picha ya skrini inayoonyesha IP na yaliyomo kwenye faili kwa pamoja, ndani ya sheli shirikishi. Kuisoma faili kupitia ukurasa wa wavuti hakukubaliki. Thamani hiyo iingize papo hapo kwenye paneli ya mtihani.

Kila amri iliyofanya kazi nakili pamoja na matokeo yake. Ukibadilisha msimbo wa watu, tunza mstari uliougusa na sababu yake, maana msahihishaji anatakiwa aweze kurudia njia yako mwanzo hadi mwisho.

Ukikaa saa moja na nusu bila kuona kipya, andika ulichojaribu na uhamie mashine nyingine. (Kulala nako kuwe kwenye ratiba, tafadhali.)

Saa mbili za mwisho acheni kuwinda. Pitieni maelezo yenu hatua kwa hatua kama mnaandika ripoti. Mkikuta pengo, mashine bado ipo na mnaweza kurudia.