Barua ya wazi kwa dada aliyesema kwamba mimi ninahesabu, sisomi

Dada,

Tangu usiku ule wa uzinduzi wa kitabu chako hujapokea simu yangu, nami sikulaumu sana, kwa kuwa hata mimi ningekuwa wewe nisingejua nianzie wapi. Naandika hapa kwa sababu najua unapita kusoma, hata kama hutakiri. Sitaki kuzungumzia yale uliyoniambia mlangoni. Nataka kuzungumzia ukurasa wa 31.

Uliponiletea mswada ulisema ni hadithi 11, nne kati yake za familia moja, na kwamba uliziandika kwa miaka mingi bila kufuata mpangilio. Hilo peke yake lilinitosha kujua kazi ilipo. Mtu anayeandika hadithi ya pili leo na ya tisa baada ya miaka sita hakumbuki alimpa mhusika wake umri gani, na hakuna ubaya wowote katika kusahau. Ndiyo maana sikusoma tahajia na matukio kwa pamoja. Nilisoma mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, kisha nikarudi mwanzo na kuchora jedwali: jina, ukurasa, umri, mwaka, na safu ya mwisho niliyoiita "nani anasema". Safu hiyo uliicheka. Lakini mhusika ana haki ya kusema uongo au kukosea, na bibi wa hadithi ya sita anayemwita mjukuu wake kwa jina la marehemu hakosei kwa bahati mbaya; ni wewe uliyetaka akosee. Msimulizi akikosea, kosa ni letu.

Nikubali pia kwamba lugha yetu haitusaidii. Kitenzi chetu hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo jina likibadilika katikati ya hadithi, msomaji anaweza kwenda kurasa tatu akidhani bado yuko na mtu yule yule. Na wewe ulipoamua Ali aitwe Omari, ukaiamuru kompyuta ibadilishe kila mahali, ilibadilisha kweli kila mahali. Kila sentensi iliyoanza na "Alipofungua mlango" ikawa "Omaripofungua mlango". Hayo niliyaona mara moja, na tulicheka hadi machozi. Lile ambalo halikuchekesha ni kwamba hadithi ya saba ilikuwa na Ali mwingine, fundi cherehani, naye pia akawa Omari, ilhali Omari tulikwisha kumzika katika hadithi ya nne. Neno lilikuwa sahihi, sentensi ilikuwa sahihi, na marehemu alikuwa anapima kitambaa. Nililigundua kwa sababu jedwali lilinionyesha jina moja lenye kaburi na kazi. Hukunishukuru kwa hilo, lakini tuliache.

Sasa Mwanaidi. Katika hadithi ya pili, mwaka 1979, baba yake anapoondoka, ana miaka saba. Katika hadithi ya tano, mwaka 1984, mdogo wake ana miaka kumi na unasema dada yake anamzidi kwa miaka mitano, yaani ana kumi na mitano. Katika hadithi ya tisa, mwaka 1998, anamzika mama yake akiwa na miaka ishirini na tisa. Umri na mwaka havikupi mwaka mmoja wa kuzaliwa, vinakupa miwili, kulingana na kama siku ya kuzaliwa imeshapita. Kwa hadithi ya pili alizaliwa 1971 au 1972. Kwa hadithi ya tano na ya tisa alizaliwa 1968 au 1969. Hakuna mahali pa kukutana, hata ukikopesha mwaka.

Nilikuwa na mashahidi wawili dhidi ya mmoja. Nikafuata wawili, nikaandika "kumi" mahali pa "saba".

Ungekuwa umejibu maswali yangu ya pembeni, dada, tusingefika huko. Niliandika 23, ukajibu manne, kisha ukabadilisha mpangilio wa hadithi siku tatu kabla ya mswada kwenda kiwandani. Swali la 14 lilikuwa hilo hilo la umri. Nililiandika kwa herufi kubwa.

Lakini ukweli wote ni kwamba sikusubiri jibu kwa sababu nilidhani ninalijua. Mimi na wewe tunamjua Mwanaidi ni nani, na tunajua alikuwa na miaka mingapi siku ile, maana wote wawili tulikuwepo. Alikuwa na kumi. Nilisahihisha kitabu chako kwa kumbukumbu yangu, jambo ambalo msoma prufu hana ruhusa nalo hata kidogo. Ushahidi wake unaishia kwenye kurasa alizopewa.

Na kurasa zilikuwa zinasema wazi. Mistari minane chini ya umri ule, Mwanaidi analigusa kwa ulimi jino la mbele linalocheza, na asubuhi linang'oka akiwa hana wa kumwonyesha. Meno ya mbele ya utoto hung'oka kwenye miaka sita, saba, pengine minane. Mtoto wa miaka kumi ameshaota mengine. Umri wa saba ulikuwa umeshikwa na jino, na jino ndilo hadithi yenyewe. Umri wa hadithi ya tisa haukushikwa na kitu chochote. Nilihesabu mashahidi badala ya kuangalia kila mmoja amebeba nini.

Nilifikiria pia kurudisha mwaka nyuma, 1979 uwe 1976, umri ubaki saba na hadithi nyingine mbili zisiguswe. Ila mdogo wake, mwenye miaka kumi mwaka 1984, angekuwa na miaka miwili tu usiku ambao umemfanya amshikie baba taa hadi barabarani. Mtoto wa miaka mitano anaweza. Wa miaka miwili angeiangusha.

Kuhusu usiku huo huo, angalau palikuwa na swali moja ulilolijibu vizuri. Uliandika kwamba baba aliondoka "usiku wa Ijumaa", na katika hadithi ya tano jirani anamwona kituoni Ijumaa asubuhi akiwa na sanduku. Kwako wewe siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa wasomaji wengi ni ule unaoufuata, na kwao jirani alimwona msafiri kabla hajaondoka. "Usiku wa kuamkia Ijumaa", ukaandika kwa mkono wako, na ukachora uso unaocheka. Karatasi ile ninayo.

Halafu ukumbini ukafungua ukurasa wa 31 na kusoma kwa sauti. Ulifika kwenye neno lile, ukanyamaza, ukanitafuta kwa macho mstari wa tatu, ukasoma "saba". Mwanamke aliyekaa mbele yangu alikuwa na kitabu mkononi. Niliona kidole chake kikisimama juu ya "kumi", kisha akageuza jalada kuhakikisha kwamba kitabu ni hicho hicho. Hakuuliza kitu. Ningependa angeuliza.

Likija toleo la pili, mpe mtu mwingine kazi hii ukitaka, lakini mpe na haya. Ukurasa wa 31, "kumi" irudi "saba". Ukurasa wa 88, "miaka mitano" iwe "miaka miwili". Ukurasa wa 152, "ishirini na tisa" iwe "ishirini na sita". Nimezipiga hesabu kwa miaka yote miwili ya kuzaliwa, zinakubali. Jino lisiguswe.

Mdogo wako.